Meno ya Mjomba Kabla ya Mionzi

Jino linalouma halinipi shida. Mtu analileta mwenyewe, ameshika shavu, na kabla sijasema neno amekwishaniambia nilitoe. Ninalobishana nalo ni lile lisilouma, la mgonjwa anayekaribia kupigwa mionzi ya kichwa na shingo. Hapo natakiwa nimweleze mtu mwenye saratani, aliyekuja kuchukua barua tu ili aendelee na safari ya Dar, kwamba nataka kumtoa meno ambayo hayajawahi kumnyima usingizi.

Kazi yangu ni meno, hapa Mbeya mjini. Wagonjwa wa namna hiyo hunijia mara kwa mara, lakini huyu ninayemwandika ni mjomba wangu, mkulima wa chai na ndizi wa huko juu ya Tukuyu. Ameniruhusu nimwandike bila jina. Alikuwa na uvimbe shingoni upande wa kulia, sikio la upande huohuo limeziba kama la mtu aliyeingiwa na maji, na pua inayotoa damu kidogo asubuhi. Nyama iliyokatwa nyuma ya pua ikaonyesha saratani ya koo la pua. Mpango wa Dar ulikuwa wa kawaida kwa ugonjwa huo: dozi ya jumla ya mionzi ya grei 70, kwa mafungu 35 ya grei mbili mbili, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki saba, pamoja na dawa za saratani za kwenye mshipa. Alirudi nyumbani kujiandaa, na mkononi ana karatasi inayosema aonwe na daktari wa meno kwanza. Siku ya kwanza ya mionzi ilikuwa imebaki siku 24.

Hizo siku 24 ndizo habari yenyewe.

Mionzi inayolenga nyuma ya pua na tezi za shingo haina njia ya kupita pembeni. Inapita kwenye tezi kubwa za mate zilizo mbele ya masikio, kwenye tezi za chini ya taya, na kwenye mfupa wa taya la chini kule nyuma yaliko magego. Madhara yake ni mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la mate: yakikauka, meno huoza hata yale ambayo mionzi haikuyagusa. La pili ni la mfupa: sehemu iliyopigwa dozi kubwa hupoteza mishipa midogo ya damu na seli za kujenga, kwa hiyo kidonda kinachofunguliwa hapo baadaye kinaweza kukataa kupona. La kwanza huanza ndani ya wiki chache. La pili halina mwisho. Mfupa uliopigwa grei 60 bado ni wa kuogopa miaka 10 baadaye, na kuna wanaokuja na tatizo wakiwa wameshasahau kwamba waliwahi kutibiwa.

Ukiyaunganisha hayo mawili unaelewa kwa nini tunakuwa wakali kabla. Mate yakikauka, meno yatataka kuoza. Yakioza, yatataka kung'olewa. Na wakati huo ndio mfupa hautaki kuguswa. Kwa hiyo jino ambalo ningelitoa baada ya miaka mitano au saba kwa mtu mwingine, kwa huyu nalitoa sasa, mfupa ukiwa bado mzima.

Nikampiga picha ya eksirei ya taya zima, nikapima mifuko ya fizi kwa kijiti chenye alama za milimita, nikagonga jino moja moja. Mjomba ana miaka hamsini na kitu, hajawahi kukaa kwenye kiti cha meno isipokuwa mara moja alipong'olewa. Mdomo wake ulikuwa wa mtu wa kawaida wa kwetu: ugaga mwingi nyuma ya meno ya mbele ya chini, mashimo machache, pengo moja.

Gego la mwisho la chini kushoto lilikuwa limelala, nusu limetoka nusu limefunikwa na fizi, na ukibonyeza fizi hiyo inatoa ute wenye harufu. Hilo halikuwa na mjadala. Liko kwenye kona ya taya, mahali penye dozi kubwa, na jino la aina hiyo huvimba likijisikia. Gego la kwanza la chini kulia lilikuwa na shimo lililofika kwenye kiini, na picha ilionyesha doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, maana yake usaha ulishatengeneza makazi. Lingeweza kutibiwa mzizi, lakini kwa gego hiyo ni kazi ya kurudi mara kadhaa, kisha livikwe kofia, na hakuna uhakika kwamba doa litafunga kabla ya mionzi. Hilo nalo likaingia kwenye orodha.

Juu kushoto palikuwa na kipande cha mzizi, mabaki ya lile jino alilong'olewa zamani likavunjika. Hapa ndipo tulipogombana.

"Hili mjomba nimekaa nalo miaka. Halinisumbui."

"Halikusumbui kwa sababu mwili wako unalizuia, mjomba."

"Basi uache mwili uendelee kulizuia."

Nikamwonyesha picha. Kwenye ncha ya kipande kile kulikuwa na kivuli kidogo cha mviringo. Mwili wake ulikuwa unakizuia kweli, kwa chembe nyeupe za damu. Lakini dawa za saratani atakazopewa pamoja na mionzi hushusha chembe hizohizo, na maambukizi yaliyokuwa yamelala yanapata nafasi. Mgonjwa anayevimba shavu katikati ya wiki ya nne anaweza kusimamishwa mionzi, na kusimamishwa si jambo dogo, kwa sababu saratani hutumia siku za mapumziko kujijenga upya. Hoja hiyo aliielewa kuliko zote nilizomweleza.

Jino lililonipa kazi ya kufikiri lilikuwa gego la pili la chini kulia. Halikuoza sana. Lilikuwa na kiziba cha zamani, halichezi, lakini nyuma yake kijiti changu kiliingia milimita sita, na kwenye picha mfupa ulikuwa umeshuka hadi pale mizizi inapogawanyika. Kwa mtu anayeishi Mwanjelwa, anayeweza kuja kusafishwa kila miezi mitatu kwa nauli ya bajaji, pengine ningeliacha. Kwa mjomba, ambaye kuja mjini kunamgharimu siku nzima na mvua za masika zikikolea haji kabisa, nikaamua litoke. Najua wenzangu ambao wangelipigania. Uamuzi wa jino la namna hii unategemea mambo matatu: hali ya jino, dozi itakayofika pale lilipo, na mtu atakachofanya nyumbani baada ya hapo. La tatu halionekani kwenye eksirei, na kwangu mimi ndilo zito.

Kuna waliokuwa wakiling'oa kila jino, mdomo mzima, ili wasiwe na la kuhofia. Sikubaliani na hilo. Mtu asiye na jino hata moja na asiye na mate hawezi kuvaa meno ya bandia ya chini kwa raha, kwa sababu plastiki inahitaji mate ili ishike na isikwaruze. Magego mengine ya kushoto ya mjomba yalikuwa mazima, nikayaacha atafunie. Meno ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza kidogo kwa sababu ya ugaga, lakini yako mbali na njia ya mionzi, dozi yake ni ndogo sana kuliko ya nyuma. Hayo niliyasafisha tu. Shimo dogo la juu kulia nililiziba.

Basi, meno manne. Mawili ya chini kulia siku moja, lile la kushoto na kipande cha juu siku tatu baadaye, ili asilale na ganzi pande zote mbili za taya la chini na ili abaki na upande mmoja wa kutafunia. Siku za kupona huhesabiwa kuanzia jino la mwisho kutoka. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni angalau wiki mbili kati ya kung'oa na mionzi ya kwanza, na ukipata tatu ni bora zaidi. Mjomba alipata siku 18.

Namna ya kung'oa nayo ina tofauti. Kwa mgonjwa wa kawaida naweza kutoa jino, nikambana na pamba, nikamwacha aende. Kwa huyu niligawa mizizi kwanza ili nisiuvunje mfupa, nikasaga kingo kali za mfupa zilizobaki zimesimama, kisha nikavuta fizi pande mbili na kushona hadi tundu likafunikwa. Kingo kali ni adui mdogo anayesahaulika: fizi ikikonda kwa mionzi, ncha ya mfupa huichoma kutoka ndani, na mfupa unajitokeza bila mtu kugusa chochote. Siku ya kutoa nyuzi nilitazama kama fizi imeziba kabisa. Ilikuwa imeziba, isipokuwa nafasi ndogo kwenye lile gego lililolala, nayo ikafunga kabla hajaondoka. Kama isingefunga ningepiga simu Dar tukubaliane na daktari wa mionzi kama asubiri siku chache. Uamuzi wa kusubiri si wa daktari wa meno peke yake. Saratani inayokua haraka haiwezi kungoja fizi, na kuna nyakati mgonjwa anaanza mionzi na jino bovu likiwa mdomoni kwa sababu hiyo ndiyo hatari ndogo.

Siku hiyohiyo ya nyuzi nilichukua vipimo vya meno yaliyobaki, fundi wa maabara akatengeneza trei mbili za plastiki laini zinazokaa juu ya meno kama soksi, zinazovuka kidogo mstari wa fizi. Trei hizo ni za floraidi. Unaweka matone ya jeli ya floraidi isiyo na asidi, yenye nguvu ya sehemu 5,000 kwa milioni, unavaa dakika tano hadi kumi kabla ya kulala, unatema, na hunywi wala husukutui kwa nusu saa. Kila siku. Kwa maisha yote, au angalau kwa muda wote mate yatakapokuwa hayajarudi. Ni lazima vipimo vichukuliwe kabla, kwa sababu kuanzia wiki ya tatu ya mionzi mdomo unakuwa kidonda na hakuna anayekubali kuwekewa unga wa vipimo mdomoni.

Jeli hiyo haipatikani kila duka la dawa hapa kwetu. Ya mjomba ilinunuliwa Dar. Kwa wasioipata, njia ya pili ni dawa ya meno ya kawaida ambayo kwenye tyubu imeandikwa 1450 ppm, kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kutema povu bila kusukutua kwa maji, na kuja kupakwa floraidi nzito kliniki kila miezi mitatu. Haina nguvu sawa lakini si bure. Shangazi, mke wa mjomba, aliingia wasiwasi kwa sababu amewahi kuishi Arusha na ameona watu wenye meno ya kahawia kwa ajili ya floraidi ya kwenye maji. Madoa yale humpata mtoto ambaye meno yake bado yanajengwa ndani ya taya. Ya mtu mzima yalishamaliza kujengwa zamani, hayawezi kubadilika rangi kwa njia hiyo.

Kabla hajaondoka nilimpa kikombe kidogo, nikamwambia akae dakika tano bila kumeza, ateme yote humo. Nikavuta kwa sirinji: mililita mbili. Ni kiasi cha kawaida cha mtu aliyekaa tu. Nilitaka namba ya kulinganisha.

Wiki saba za Dar nilizisikia kwa simu. Mate yalianza kuwa mazito mwishoni mwa wiki ya kwanza, na hilo huwashangaza watu kwa sababu wanategemea madhara yaje polepole. Seli zinazotoa mate mepesi ya maji, hasa za tezi za mbele ya masikio, hufa mapema mno kwa mionzi. Zinazotoa ute hudumu zaidi kidogo, ndiyo maana mgonjwa hulalamika kwamba mdomo umekauka na huku umejaa gundi. Wiki ya tatu vidonda vikaanza. Alisukutua kila baada ya saa chache kwa maji ya lita moja yenye kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha soda ya kuokea maandazi. Msichukue magadi yale ya kulainishia maharage, ni makali na hayana usafi unaojulikana. Dawa za kusukutua zenye spiriti nazo nilimkataza, zinachoma na kukausha. Alipungua uzito, akanywa uji, akamaliza mafungu yote 35 bila kusimamishwa.

Aliporudi nilirudia kipimo cha kikombe. Dakika tano, na sirinji ilivuta kitu kisichofika nusu mililita. Chini ya mililita 0.1 kwa dakika ndiyo tunaita ukavu wa kweli.

Mate ndiyo yanayolinda jino kila mara unapokula. Ukinywa kitu chenye sukari, bakteria walioganda kwenye jino huigeuza kuwa asidi ndani ya dakika chache, na uchachu ukizidi hadi kipimo cha pH kushuka chini ya karibu 5.5 madini ya tabaka la juu la jino huanza kuyeyuka. Kwa mtu mwenye mate, ndani ya nusu saa hadi saa moja uchachu umeshafutwa, na madini yaliyomo kwenye mate yenyewe yanaanza kurudishwa kwenye jino. Kwa mtu asiye na mate hakuna cha kufuta, asidi inakaa kwa saa nyingi. Shingo ya jino, pale linapoingia kwenye fizi, ina tabaka jembamba, na mzizi ukiwa wazi huyeyuka kwa uchachu mdogo zaidi. Ndiyo maana kuoza kwa baada ya mionzi hakufanani na kuoza tulikozoea. Hakuanzii kwenye mitaro ya magego. Kunazunguka shingo ya jino kama pete, kunakula ncha za meno ya mbele, na kunashambulia hata meno ya mbele ya chini ambayo kwa watu wengine ni ya mwisho kuoza kwa sababu siku zote yanaogelea kwenye mate. Pete hiyo ikikutana pande zote, kichwa cha jino kinakatika mtu akitafuna ndizi. Na mara nyingi haliumi hata kidogo.

Sasa ongeza chai. Rungwe ni nchi ya chai, na mgonjwa aliyekauka mdomo anataka kitu cha kulowesha kila wakati. Shangazi kwa upendo wake alikuwa anaweka chupa ya chai ya maziwa yenye sukari pembeni ya kiti tangu asubuhi, na mjomba anapiga funda moja moja mpaka jioni. Kila funda huanzisha upya ile saa ya asidi. Kikombe kimoja kinywewe chote pamoja na chakula, jino lingeumia mara moja. Kikombe hichohicho kikigawanywa mafunda 20 ya siku nzima, jino halipati hata dakika ya kupumzika. Kiasi cha sukari hakina uzito mkubwa kama idadi ya nyakati. Na mfukoni mwake nikakuta pipi za kifua, alizoshauriwa na jirani kwa kuwa "zinaleta mate". Huleta, kwa tezi iliyo hai. Yake ilikuwa hoi, zikabaki kuwa sukari inayokaa kwenye shavu nusu saa.

Nilikausha meno yake ya mbele ya chini kwa pamba na kuyatazama kwa tochi. Hiyo ndiyo njia ya kuona mapema: jino lenye maji linadanganya, likikauka linasema kweli. Ilikuwa miezi mitatu baada ya fungu la mwisho, na kwenye shingo za meno matatu palikuwa na mstari mweupe kama chaki, usiong'aa. Chaki nyeupe bado inarudi nyuma. Ikigeuka kahawia na ncha ya kijiti ikanasa, imeshakuwa tundu. Trei alikuwa anavaa, lakini si kila usiku. Alikuwa akichoka anaziacha, na miezi ya baridi ya kwetu, Juni na Julai, pua ikiziba alikuwa analala mdomo wazi na kuamka ulimi umegandamana na kaakaa.

Hatukubadilisha mambo mengi. Chupa ya chai ikawa ya maji, na chai yenye sukari ikahamia mezani pamoja na mlo. Pipi zikaondoka. Trei zikahamishwa kutoka saa ya kulala kwenda saa ya taarifa ya habari redioni, wakati ambao hata hivyo hataki kuongea na mtu. Nikampaka floraidi nzito na kumpangia kila miezi mitatu. Baada ya miezi sita mistari miwili ilikuwa imekuwa migumu na inang'aa, mmoja ulikuwa umefunguka, nikauziba. Mate yake yamerudi kidogo, safari ya mwisho kikombe kilitoa karibu mililita moja. Kiasi gani kinarudi hutegemea dozi zilizoingia kwenye tezi: tezi ya mbele ya sikio iliyopata wastani wa chini ya grei 26 hivi huwa na matumaini ya kuamka ndani ya mwaka mmoja au miwili, iliyopita hapo sana haiamki. Mashine za kisasa zinaweza kuinamisha mionzi ili angalau tezi moja ipone. Zile za zamani, zilizopiga shingo kwa miali miwili ya pembeni, zilizichoma zote mbili.

Taya nalo lilikuwa linakaza. Misuli ya kutafuna iliyo nyuma hupigwa pamoja na ugonjwa wa aina yake, inakuwa migumu kama kamba, na mdomo unaojifunga haufikiwi na mswaki wala na mimi. Kipimo cha nyumbani ni vidole vitatu vikisimama kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Alikuwa anaingiza viwili na nusu. Anafanya mazoezi kwa vijiti bapa vya kutazamia koo, anavipanga kimoja juu ya kingine na kuongeza kimoja akizoea.

Kuhusu mfupa, ningependa niseme kwa mfano wa mama mmoja kutoka upande wa Makambako niliyemwona miaka ya nyuma, si ndugu yangu. Alikuwa ametibiwa saratani ya koo miaka mitano kabla, amepona, amesahau. Gego la chini likauma, akaenda mahali karibu na kwake, likang'olewa vizuri tu na mtu ambaye hakumwuliza swali hata moja kuhusu maisha yake ya nyuma. Tundu halikufunga. Alipofika kwangu ilikuwa mwezi wa nne tangu ang'olewe: ndani ya tundu kulikuwa na mfupa wa rangi ya njano iliyochakaa, mkavu, ukiugusa hausikii, pembeni unanuka. Mdomo wa chini upande huo ulikuwa na ganzi. Mfupa ulio wazi zaidi ya miezi mitatu mahali palipopigwa mionzi, bila saratani kurudi, ndio mfupa uliokufa. Mbaya zaidi hutoboa ngozi ya kidevu kutoa usaha, au taya huvunjika mtu akila. Yeye alipelekwa kwa wapasuaji wa taya, na safari yake ilikuwa ndefu.

Si kila anayeng'olewa baada ya mionzi hufika huko. Tafiti za zamani zilipokusanywa pamoja zilionyesha karibu watu 7 kwa kila 100. Lakini ni hatari isiyolazimika, kwa sababu jino lililooza baada ya mionzi lina njia nyingine. Unatibu mizizi, unakata kichwa cha jino usawa wa fizi, unaziba juu, na mizizi inabaki imelala ndani ya mfupa bila kuufungua. Si nzuri kutazama. Na kama kung'oa hakuepukiki, kufanywe na anayejua dozi iliyofika hapo, jino moja moja, kwa kushona.

Ndiyo maana nilimwomba mjomba alete karatasi moja kutoka Dar, na ninawaomba wote: muhtasari wa tiba unaoonyesha jumla ya dozi, tarehe ya kumaliza, na ikiwezekana mchoro wa dozi unaoonyesha sehemu za taya zilizopata zaidi ya grei 50. Nimeipiga picha kwenye simu yake na ya shangazi. Siku akiwa Kyela kwenye msiba na jino likaanza, yule atakayemwona asiwe anakisia.

Swali lake la mwisho lilikuwa meno ya bandia. Pengo la juu nimemkubalia, kipande chepesi, kwa kuwa mwaka umepita na fizi imetulia. Atakivua usiku, na akiona sehemu nyekundu isiyotoka baada ya siku mbili anakiacha na kunijia. La chini kulia nimemkatalia. Ndipo mfupa wake ulipopata dozi kubwa, na plastiki inayosugua juu ya fizi kavu ni njia nyingine tu ya kufungua kidonda.

"Kwa hiyo nitafunie kushoto mpaka lini?"

Nikamwambia mpaka magego ya kushoto yatakapokataa, na kwamba hayo ndiyo tunayoyavalia trei.